Mwalimu Aliitwa

Ile sentensi ilikuwa yangu. Kwa miaka mingi, kila tulipokutana watu wa darasa letu kwenye harusi au matanga na mtu akaikumbusha, nimekuwa nikimnyooshea kidole mwenzangu, na yeye amekuwa akininyooshea mimi, na watu wamecheka bila kujua wamcheke nani. Nakiri leo kwa kuwa nimechoka. Mimi ndiye niliyeandika, katika ripoti ya chuo kikuu kuhusu chumvi katika maji ya visima vya Turkana, kwamba "baada ya hapo mwalimu aliitwa."

Mwalimu gani? Hakukuwa na mwalimu. Tulikuwa wanafunzi wawili wa kemia tuliotumwa Lodwar likizo ndefu, katikati ya miaka ya sabini, kufanya mazoezi ya kazi katika ofisi ya maji. Yeye alipewa visima vya Lodwar kwa kuwa alisema mgongo wake hauwezi safari za gari. Mimi sikuwahi kuwaza kusema hivyo, nikapewa vya Kakuma. Mwisho wa likizo kila mmoja alitakiwa awe na ripoti, na mhadhiri wetu Nairobi alikuwa ametupa amri moja tu kuhusu sehemu ya mbinu: iwe aya moja, iandikwe kwa kauli ya kutendwa, isinakiliwe.

Tulikuwa na mwongozo wa maabara, kitabu chembamba chenye madoa, chenye hatua zenye nambari. Hatua ya kwanza: suuza bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, kwa nitreti ya fedha. Ya pili: pima mililita mia moja za maji utie katika chupa. Ya tatu: ongeza mililita moja ya kromati, maji yawe manjano. Ya nne: dondosha nitreti ya fedha kutoka bureti huku ukitikisa chupa, mpaka manjano igeuke wekundu wa matofali. Na kuendelea, mpaka ile iliyosema: mwite mwalimu wako aone rangi kabla hujaendelea.

Sasa, ripoti iliandikwa kwa Kiingereza. Naitafsiri hapa, na nasikitika kusema upuuzi wake haupotei njiani. Niliketi kwenye meza ya ofisi ya maji, nikang'oa nambari zote kama mtu anayenyonyoa kuku, kisha kila kitenzi nikakigeuza. Suuza ikawa ilisuuzwa. Ongeza ikawa iliongezwa. Kinga macho yako: macho yalikingwa. Usimeze kromati: kromati haikumezwa. Epuka kumwagia ngozi: ngozi iliepukwa. Mwite mwalimu: mwalimu aliitwa. Niliona nimemaliza mapema sana, nikajisifu.

Mwenzangu alisoma juu ya bega langu. "Hiyo iko sawa kabisa," akasema. "Hiyo ya kromati haikumezwa ni nzuri. Inaonyesha uangalifu." Akaichukua yote. Siwezi kumlaumu. Mimi niliichukua kwenye kitabu, yeye akaichukua kwangu, na hakuna kati yetu aliyeona kosa.

Rasimu zilikwenda Nairobi na mkoba wa barua wa ofisi. Zilirudi pamoja, zimefungwa kwa kamba moja kama watuhumiwa. Pembeni mwa yangu mhadhiri alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Mwalimu huyu aliitwa Lodwar na Kakuma kwa wakati mmoja. Nampa pole kwa safari." Chini yake, bila mzaha tena: aya ya mbinu inasema ulichofanya wewe, si ulichoamriwa na kitabu. Andikeni upya. Nikiona kitabu tena ndani yake, mradi utarudiwa mwaka ujao, wote, kuanzia kisimani.

Kurudia mradi kulimaanisha mwaka mzima. Mama yangu alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani tarehe ya mahafali, ingawa chuo chenyewe kilikuwa hakijaipanga.

Mwenzangu aliandika upya jioni ileile, akaeleza visima vyake vya Lodwar kama mtu anayesimulia safari ya sokoni, na ikakubaliwa kwa barua iliyofuata. Mimi nilitaka kuwa bingwa. Nilitafuta kamusi kubwa ya afisa wa maji, nikaanza kubadilisha maneno. Maji hayakumiminwa tena, yalitiririshwa. Chupa haikutikiswa, ilitetemeshwa. Rangi haikugeuka, ilipatwa na mageuzi. Hatua zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule, idadi ileile ya mililita. Kila moja imevalishwa suti tu.

Afisa wa maji alikuwa mtu wa bara, Mkristo wa kuamka mapema, aliyependa Kiingereza kuliko chai. Ilibidi atie sahihi ripoti kabla haijaondoka. Alisoma, akavua miwani.

"Binti yangu, chupa ilitetemeka kwa nini? Iliona fisi?"

"Ilitetemeshwa, bwana."

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi ungeitikisa tu," akasema. Lakini alitia sahihi, kwa kuwa lilikuwa jambo la chuo, si la serikali.

Jibu la mara hii lilikuwa fupi. "Huu ni mwongozo uliovaa wigi. Unayo nafasi moja." Na tarehe.

Nilikwenda kwenye nyumba ya wageni nikaketi barazani na kitabu mapajani. Mwenzangu alikuwa pale, miguu juu ya kiti, akila samaki mkavu wa Kalokol kwa raha ya mtu aliyefaulu.

"Funga hicho kitabu," akasema.

"Nikikifunga nitaandika nini?"

"Kifunge kwanza. Haya. Wewe na Kakuma, mlifanyana nini?"

Nikakifunga. Nikaanza kumsimulia, na nusu ya yale niliyomsimulia hayamo kabisa katika kitabu.

Nilimwambia tulifika kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, tukasalimiana ejok na akina mama waliokuwa wakiteka, nikasuuza chupa zangu kwa maji ya kisima chenyewe kabla ya kuzijaza. Kwamba upepo uliangusha kila kitu, ikabidi nifungie bureti kwenye mlango wa Landrova. Kwamba nilipima mililita mia moja kama kitabu kilivyotaka, nikadondosha nitreti ya fedha, nikadondosha, nikadondosha, bureti ikaisha yote na maji bado manjano, yananitazama tu. Yalikuwa na chumvi kupita uwezo wa bureti yangu.

"Ungeyapunguza makali kwa maji yaliyotoneshwa," mwenzangu akasema.

"Yalikuwa yamenywewa."

Akashusha miguu. "Yamenywewa?"

Dereva wetu, mtu mzima mcheshi wa upande wa Kitale, alikuwa ameliona dumu la maji yaliyotoneshwa nyuma ya gari, yale ya maabara yasiyo na chumvi hata chembe, akalinganisha na maji ya kisima, akaamua kama binadamu yeyote angeamua. Nilipomkuta, alikuwa akilitazama kwa huzuni. "Mwalimu," akaniambia, maana aliniita hivyo siku zote, "hii maji haina kitu ndani. Ni kama kunywa hewa. Nimekunywa yote nikitafuta utamu." Nikamuuliza kama yamebaki hata kidogo. Akasema, "Imeisha," kwa sauti ya kunipa pole, kana kwamba dumu lilikuwa limejiishia lenyewe.

Hiyo ndiyo neema ya lugha yetu. Kikombe huvunjika, maji huisha, gari huharibika. Hakuna anayevunja, anayemaliza wala anayeharibu. Hatukuihitaji kauli ya kutendwa ili kuficha watu.

"Kwa hiyo ukafanyaje?" mwenzangu akauliza.

"Nikapima mililita ishirini na tano badala ya mia. Rangi ikageuka vizuri, bureti ikiwa bado na kitu. Nikarudia kila kisima mpaka vipimo viwili vikakaribiana. Na kile kipimo cha maji yaliyotoneshwa, cha kulinganishia, nikakifanya huku Lodwar tuliporudi."

"Na mwalimu?"

"Mwalimu yupi?"

"Aliyeitwa."

Nikamtupia kichwa cha samaki. Alikidaka, akakila.

"Sasa andika hayohayo," akasema. "Ondoa mlango wa Landrova, ondoa salamu. Usiseme uliosha mikono, kila mtu anajua unaosha mikono. Kitabu kitaje mara moja tu, kwamba ulikifuata, halafu sema pale ulipokiacha na kwa nini."

Inaudhi kushauriwa na mtu aliyekunakili. Niliandika hata hivyo, kitabu kikiwa chini ya mto wa kitanda, na nilipokitoa ilikuwa ni kuhakiki vipimo tu. Aya ilikwenda hivi:

"Maji yalichukuliwa katika visima vya mchangani Kakuma, kwa chupa zilizosuuzwa kwanza kwa maji ya kisima husika. Kloraidi ilipimwa kwa nitreti ya fedha, kromati ikiwa kiashirio, kwa kufuata mwongozo wa maabara uliotajwa mwishoni, isipokuwa katika mambo mawili. Kwa kuwa chumvi ilizidi uwezo wa bureti, mililita 25 za maji zilitumika badala ya 100, na hesabu ikarekebishwa ipasavyo. Kila kisima kilipimwa mpaka vipimo viwili vikakaribiana, na kipimo kilihesabiwa kuwa kimefika pale manjano ilipogeuka wekundu wa matofali usiopotea chupa ilipotikiswa. Kipimo linganishi cha maji yaliyotoneshwa kilifanywa Lodwar, kwa sababu maji yaliyopelekwa Kakuma kwa kazi hiyo yalinywewa."

Afisa wa maji alisoma mpaka mwisho. "Hili neno la mwisho," akasema, "litaniletea maswali."

"Lakini ni kweli, bwana."

"Najua ni kweli. Dereva ni wangu." Akakaa na kalamu hewani. "Huwezi kuandika kwamba yaliisha?"

Nilitaka sana. Lakini wigi lilikuwa bado linaniwasha, nikasema hapana, hayakuisha, yalinywewa. Akatia sahihi kama mtu anayemeza kwinini.

Tarehe ya mwisho ikapita bila jibu. Nilianza kumwandikia mama kuhusu majirani, nikaichana barua. Kisha asubuhi moja afisa akatokea mlangoni akasema kuna simu, Nairobi, upesi, kabla laini haijakatika. Nilishika mkono wa simu kwa vidole ambavyo nitreti ya fedha ilikuwa imevitia weusi hadi kwenye kucha, maana ngozi, kusema kweli, haikuepukwa.

Sauti ya mhadhiri ilikuja kwa mbali, ikipanda na kushuka.

"Haya maji yalinywewa na nani?"

Nilimtazama dereva kupitia dirishani, akipangusa kioo cha Landrova. "Ni lazima niseme, bwana?"

"Katika aya, hapana. Ninauliza mimi."

"Na dereva."

Mlio wa laini, halafu sauti nyingine, nikadhani laini imeharibika. Alikuwa anacheka.

"Hilo halimo katika kitabu chochote," akasema. "Ripoti imekubaliwa."

Nilikuwa nimechapwa mno na kauli ya kutendwa hata nisiweze kuamini kitenzi kisicho na mwenyewe.

"Imekubaliwa na nani, bwana?"

"Na mimi," akasema. "Panda lori uje."