Mama Zaina Hakusafiri

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya cha Lubondja, nilifika nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likakataa kukunjika. Titulaire, yaani muuguzi anayeongoza kituo, alinitazama akacheka. "Feza, sindano ulishajifunza. Sasa utajifunza kusema na bantu."

Nikadhani ananitania. Kumbe kusema na watu ndiyo kazi yenyewe.

Kutoka Lubondja walinipeleka Ubwari. Huko hakuna njia ila boti, na mimi na boti hatupatani hata kidogo. Kila safari nilitapika mpaka abiria wakanionea huruma. Nilipohamishiwa wodi ya watoto, katika hospitali ya mji wa Baraka, nilimshukuru Mungu kwa sauti, na Daktari Mkuu akanisikia.

Huko ndiko alikoletwa Zaina, mtoto ambaye hajaanza hata shule. Bibi yake, Koko Mwajuma, maana kwetu bibi huitwa koko, alisema mtoto hali, halali. Daktari Mkuu alimpima: homa hakuna, damu safi, tumbo laini. Lakini miguuni alikuwa na kandambili, na kila nikitaka kumvua alipiga kelele. Hata kitandani alikaa nazo, macho kodo, shingo ikianguka kwa usingizi.

"Juu ya nini hutaki kuvua, mama?" nilimuuliza.

"Boti ya mama itafika. Nikilala, itaniacha."

Nilimgeukia Koko. Akainamisha kichwa. Mama yake Zaina alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa siku ileile kama desturi ya Waislamu ilivyo, na mtoto akapelekwa kwa jirani. Aliporudi, watu wazima wa nyumbani walikubaliana wamwambie mama amesafiri Ubwari. Basi kila jioni mtoto alikuwa ufukoni mwa ziwa, anakagua abiria wa boti mmoja mmoja.

Daktari Mkuu aliniita pembeni. "Mama Feza, huyu hana dawa kwangu. Mtoto aambiwe ukweli. Lakini asiambiwe na sisi. Aambiwe na mtu atakayerudi naye nyumbani."

Ehe, hapo ndipo kazi ilipokuwa. Nilimkalisha Koko nyuma ya wodi, tukafanya mazoezi. Nilimweleza: usiseme amelala, mtoto ataogopa kulala. Usiseme amesafiri, atangoja. Sema amekufa, kisha eleza kufa ni nini, kwa mwili. Mambo ya Mungu utamfundisha, ila kwanza ajue mama harudi. Halafu nyamaza, umwache aulize.

"Ile neno inauma, Mama Feza. Itauwa mutoto."

"Inamuuma tayari, Koko. Tena anaumia peke yake."

Alijaribu, akakwama. Akajaribu tena, akalia. Nilimwambia alie tu, hata mbele ya mtoto. Machozi hayamdhuru, uongo ndio unamkondesha.

Tukaingia. Koko akaketi chini, macho sawa na ya mjukuu wake, akamshika mikono.

"Zaina, nilikudanganya. Mama hakusafiri. Mama amekufa."

Mtoto akamkazia macho. "Atarudi lini?"

"Hatarudi. Moyo wake uligonjwa sana, ukaacha kufanya kazi. Mama hapumui tena, hasikii njaa, hasikii baridi, hakuna kitu kinamuuma. Tulimuzika."

Mimi nilibana mdomo wangu, na kunyamaza kwangu si jambo dogo. Kisha sauti ndogo ikatoka:

"Amekufa juu nilikataa kumuletea maji?"

Jamani! Mtoto alikuwa amebeba mzigo huo siku zote hizo, na sisi tunamtafutia malaria.

"Hapana!" Koko akamvuta kifuani. "Maji haiuwi muntu. Kukataa haiuwi muntu. Ni ugonjwa. Hakuna kitu ulifanya."

"Na nani atanisuka nywele?"

"Mimi. Na mama yako mudogo. Utakaa kwetu."

Zaina akalia. Alilia kilio kizima, cha mtoto anayejua analilia nini, na Koko naye akalia, na mimi nikageukia dirisha. Alipochoka aliomba ugali. Alikula, akauliza tena kama mama anarudi. Koko akajibu maneno yaleyale, bila kukasirika, maana mtoto huuliza mara nyingi. Kisha Zaina mwenyewe akavua kandambili, akazipanga chini ya kitanda, akalala. Niliona mabega ya Koko yakishuka. Mzigo wangu nao ulishuka, nakwambia.

Kabla ya kurudi nyumbani walipita makaburini, mtoto akaonyeshwa mahali mama alipozikwa.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku na kugombana nao. Wajukuu wangu wameanza kuniuliza kama mimi pia nitakufa. Nawajibu ndiyo, ingawa leo sina haraka. Na mama zao nimeshawaonya: siku yangu ikifika, asitokee mtu wa kuwaambia hawa watoto kwamba Koko Feza amesafiri kwa boti. Hakuna mjukuu wangu atakayeamini. Mimi na boti?