P Ni ya Jumatatu

Kitabu kilitaka niwafundishe neno "meli". Nilikisoma ofisini kwa sauti, nikakitupa mezani. Meli! Watoto wangu wanazaliwa ufuoni mwa ziwa, nje kidogo ya Kisumu, na wanajua mashua, wanajua nyavu, wanajua injini inavyokataa kuwaka, lakini meli wameiona wapi? Mwenzangu wa Gredi ya Pili, mtu mpole kupita kiasi, akasema silabi zote ni sawa, me tumeshasoma, li tumeshasoma, sasa kelele za nini? Nikamwambia mtoto akisoma neno asilolijua hana njia ya kujua kama amesoma au amebweka. Akacheka, akaniambia nipunguze moto.

Sijapunguza. Mimi ni mtu wa Awasi na kwetu hatunong'oni. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa miaka mingi, na nina sheria moja ambayo hata mwalimu mkuu anaijua: herufi ambayo hatujaisoma haiingii kwangu. Tunaanza na a, e, i, o, u. Halafu m, halafu k, t, l na n, kila moja na wakati wake. Tukiwa kwenye n, neno lolote nitakaloandika ubaoni ni lazima litoke humo. Ukimchomekea mtoto herufi moja asiyoijua, atakisia. Akikisia mara mbili akapatia, atadhani kusoma ndiko huko, na mpaka umtoe hiyo tabia utakuwa umezeeka.

Kwa hiyo kila Ijumaa jioni nilikaa na karatasi nikipanga silabi. Kazi hii watu wanaidharau. Mti, kwa mfano, herufi zake zote tunazo, lakini m imesimama peke yake bila vokali, na watoto wangu watasema "muti" mpaka kesho. Mti ukangoja, na neno "mtoto" likangoja pamoja nao. Tena upo muungano mmoja wa silabi za k na m ambao kila mwalimu wa Kiswahili anaujua na anaukwepa, na sitauandika hapa pia, maana mzazi anaweza kukufuata hadi getini. Lazima silabi ziwe zimesomwa, neno liwe kinywani mwa mtoto tayari, na lisikuaibishe.

Wiki tuliyofika n, nilifuta meli nikaandika neno ambalo kitabu cha mjini kililisahau. O-me-na. Darasa zima lililipuka. Vile visamaki ambavyo walikuwa wamevila jana usiku na ambavyo mama zao walivianika pale chini ya shule, kumbe vinaandikika! "Tunakula omena." "Kuku amekula omena." Waliimba mpaka Gredi ya Pili wakanyamaza kutusikiliza.

Aliyesoma wa kwanza bila kuimba, kidole chini ya kila silabi, alikuwa msichana wa dawati la mbele. Bibi yake aliuza omena ufuoni na ndiye aliyekuwa akimlea. Mtoto alimwita dani, kama sote tunavyowaita bibi zetu kwa Kijaluo. Alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao ambao huku kwetu ziwani si mgeni. Macho yake yalikuwa na umanjano. Nilimruhusu chupa ya maji mezani na sweta hata jua likiwaka, na aliyemcheka alinijua mimi ni nani.

Mtoto yule hakukisia kamwe. Ukimwonyesha neno lenye herufi ngeni, alirudisha kidole mapajani na kusema, "Hii bado, Mwalimu." Kwa sauti ya mtu mzima kabisa. Nilimpenda kwa hilo, na nasema waziwazi kwamba nilimpenda kuliko wengine.

Maumivu yalipomshika alikaa hospitalini siku kadhaa, na akirudi alikuta tumemwacha herufi moja. Hilo lilimuuma kuliko mifupa. Nikaanza kumkatia kadi kutoka maboksi ya sabuni, silabi moja kila kadi, na bibi yake akawa anapita shuleni kuzichukua na kuzifunga kwenye pindo la leso. Hivyo alifika n pamoja na wenzake.

Wiki ya omena haikuisha kabla hajalazwa tena. Safari hii nilikwenda mwenyewe, Jumamosi. Nilimkuta bibi ameketi kwenye ukingo wa kitanda, kadi zimetandazwa juu ya blanketi, na mgonjwa ndiye anamfundisha.

"Mwalimu, huyu mtoto ni mkali," bibi aliniambia. "Nikisema na badala ya ni, ananigombeza mbele ya manesi."

"Amefundishwa na nani?" nikasema, tukacheka.

Mtoto hakucheka. Mikono ilikuwa imevimba na alizungumza polepole. Alitaka nimwandikie neno moja. "Nitapona."

Nilikuwa na kalamu ya wino mfukoni na vipande vya boksi mkobani. Ni tunayo, ta tunayo, na tunayo. Iliyokosekana ni po. P ilikuwa ya Jumatatu inayofuata. Na mimi, mwenye sheria zangu, niliutazama ule mkono, nikasema kimoyomoyo, sheria na ife. Nikaandika po kwenye kipande cha boksi, nikamwambia, "Haya, leo nakupa herufi yako kabla ya wote."

Aliitazama ile kadi. Akarudisha kidole kifuani.

"Hii bado, Mwalimu. P ni ya Jumatatu."

"Nimekuruhusu, mama. Ni sawa."

"Nikiisoma hapa, Jumatatu nitasoma nini na wenzangu?"

Jamani. Alikuwa na mpango wa kurudi, na p ilikuwa sehemu ya mpango ule. Nikiirudisha mkobani namwachia Jumatatu yake, nikiiacha pale kitandani ni kama nimeshajua jambo ambalo yeye hajui. Nikaichukua, nikaitia mkobani.

Basi nikatafuta neno lingine ndani ya zile silabi alizokuwa nazo. Nilizisogeza juu ya blanketi: ni, ta. Halafu nikaona ku, halafu a. Nikazisukuma pamoja.

Kidole kilitoka taratibu. "Ni. Ta. Ku. A." Akapumzika. "Nitakua."

"Maana yake?"

"Nitakuwa mkubwa," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Akamgeukia bibi. "Dani, soma." Bibi akasoma. Akamwambia arudie, bibi akarudia. Kisha akamweleza kwamba baada ya p ni d, na d ikifika atamwandikia "dani" kwa mkono wake, maana a na n na i wanazo, imebaki d tu. Bibi akasema, "Sawa, nangoja." Niliondoka nikiwa na furaha, haki ya Mungu, nikasimama njiani nikanunua ndizi.

Mtoto alifariki Jumapili asubuhi. Mwalimu mkuu alinipigia simu nikiwa natoka kanisani, na sikumbuki alichosema baada ya hapo.

Jumapili jioni ilinibidi nipange maneno ya p. Hilo ndilo watu hawaelewi kuhusu kazi hii, kwamba Jumatatu inakuja na watoto wengine wote wanaingoja herufi yao. Nililia juu ya karatasi huku naandika: pua, paka, pete, kopo, kapu, papai, kipepeo. Neno moja lilikuwa linajileta lenyewe kila nilipogusa po. Silabi mbili tu, na kila mtoto wa ziwani analijua kwa sababu kila siku kuna mgonjwa anaombewa alipate. Sikuliandika. Nilikasirika kuliona linakuja, kana kwamba lilikuwa na uso.

Jumatatu dawati la mbele lilikuwa na nafasi. Niliwaambia watoto kwa maneno machache, wengine walikuwa wameshajua. Kisha nikaandika p ubaoni. Tulikuwa kwenye pa, pe, pi, bibi yake alipotokea mlangoni, viatu mkononi, miguu ina vumbi.

Nilitoka mbio. "Mama, pole, pole sana. Mbona umekuja? Nyumbani watu wamejaa."

"Nimewaacha waimbe," alisema. Alifungua pindo la leso, kadi zote zilikuwa humo. "Mtoto yangu alisema leo ni p. Nimekuja."

Nilidhani amekuja kurudisha kadi. Sivyo. Alinipita, akaingia, akaenda moja kwa moja kwenye ile nafasi ya dawati la mbele, akakaa. Magoti hayakuingia, akakaa upande. Watoto walimtazama yeye, wakanitazama mimi. Nilishika chaki.

"Pa," nikasema.

"Pa," wakasema wote, na sauti ya bibi chini ya sauti zao.

Tulisoma pa, pe, pi, po, pu. Tulisoma pua, tukazishika pua zetu. Tulisoma kapu, papai, kipepeo. Bibi alisoma akiweka kidole hewani kuelekea ubaoni, polepole, na alipokosea kopo alijirudisha mwenyewe. Nilipofika mwisho wa maneno yangu nikaweka chaki chini.

"Mwalimu," bibi akasema. "Ile neno yake iko wapi?"

Nilimtazama nikitumaini atasema jambo lingine. Lakini alikuwa amepanga kadi tatu juu ya dawati, ni, ta, kisha na, akaacha pengo kabla ya ile ya mwisho.

Ile po ya hospitalini ilikuwa bado mkobani mwangu. Niliitoa, nikaenda nikaiweka kwenye pengo lile, kisha nikarudi ubaoni nikaliandika neno zima kwa herufi kubwa za kutosha. Watoto walilisoma wakipaza sauti, hawakujua lilikuwa la nani. Yeye alilisoma baada yao, peke yake, silabi kwa silabi, machozi yakimwagika mpaka kwenye leso. Nami nililia mbele ya darasa, jambo ambalo sijawahi kufanya tangu nianze kazi.

Kengele ililia, watoto wakatoka. Bibi alikusanya kadi zake, po ikiwa ya juu, akafunga pindo. Mlangoni akasimama akivaa viatu.

"Wiki ijayo ni d?" akauliza.

"Ni d, Mama."

"Hiyo ni yangu," akasema. "Tukishamzika nitakuja."