Kijiko cha Binti Yangu na Kuku wa Barazani

Mimi sipendi uchafu. Kwa hiyo binti yangu alipofikisha mwaka na miezi mitatu, akaanza kuninyang'anya kijiko, tuligombana kila asubuhi. Nikimpa, uji unamwagika kabla haujafika mdomoni. Nikimnyima, anafumba mdomo, kisha analia mpaka nusu ya Makandana inajua tunakula.

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Kawetele, akatazama vita vile hadi uji ukapoa.

"Mwanangu, mtoto hana kosa," akasema. "Uji wako mwepesi kama maji. Hata wewe ungeumwaga."

Akaponda ndizi za kuchemsha pamoja na parachichi mpaka zikawa nzito, akatandika mkeka barazani, akamkalisha mtoto. Chakula kiling'ang'ania kwenye kijiko hata kilipopinduliwa. Kikombeni akatia maziwa ya mafunda mawili tu, yakimwagika, basi. Mimi niliamriwa nisiguse kitu. Nikakaa nimekunja mikono, huku parachichi likipanda hadi kwenye nywele na kuku wakisogea kudonoa yaliyoanguka.

Tangu siku hiyo tulikula barazani, mvua inyeshe isinyeshe. Nilifua, nikanung'unika, nikafua tena. Kidogo kidogo kijiko kikaijua njia.

Wiki iliyopita alimaliza bakuli, akanywa maziwa, akaweka kikombe chini bila kumwaga hata tone. Nikapiga vigelegele. Kuku watatu waliokuwa wakisubiri mbele yake wakamtazama yeye, kisha wakageuka kunitazama mimi, kama mtu aliyewafukuza kazi.