Mkono wa Kaka Kwenye Picha

Miaka ya tisini nilifanya kazi Kahama, kwenye duka la viungo la mzee mmoja wa Kihindi. Mimi ndiye niliyekuwa nikizisoma picha za wakulima, na nilijiona kidume kwelikweli. Tajiri wangu alichoka kutuma gari huko mbali likarudi na mzigo wa kutupa, basi akaweka utaratibu: mkulima atume kwanza picha tatu kwa basi. Moja ya ganda, moja ya kipande kilichovunjwa kwa mkono, moja ya kilichokatwa kwa kisu.

Nilizipeleka mlangoni penye mwanga. Ganda la tangawizi likiwa na makunyanzi, imekaa sana, maji yamekwisha. Likikaza vizuri, sawa. Palipovunjika pakichomoza nyuzi ndefu kama za katani, imezeeka shambani, mpishi atakutukana. Manjano tulitazama nyama yake. Ikiwa ya rangi ya chungwa iliyokolea, hiyo ndiyo mali. Ikipauka, haina kitu. Ikiwa na kahawia katikati, imeanza kuoza. Sikukosea mara nyingi, na kila niliposifiwa kichwa kilizidi kuvimba.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mchimbaji Nyarugusu mpaka vumbi la mawe likamharibu kifua. Daktari alimwambia wazi kwamba akirudi shimoni asitegemee kuzeeka. Akakodi kibonde karibu na Buseresere, akapanda tangawizi kidogo na manjano mengi. Picha zake zilipofika, nyuma ya mojawapo alikuwa ameandika: tajiri akikubali, siendi tena duarani. Duara ndilo shimo lenyewe la dhahabu.

Tangawizi yake niliipitisha palepale. Ganda limekaza, nyuzi fupi, safi kabisa. Lakini picha ya manjano, kipande kilichokatwa kikiwa kwenye kiganja cha mtu, ilikuwa imepauka kama muhogo wa kuchemsha. Nikaguna. Tajiri, Mungu amrehemu, aliniuliza kama tumwombe kaka atuletee japo kilo moja tuione kwa macho. Alijua ni ndugu yangu, alikuwa ananifungulia mlango. Mimi nikajitia mtu wa haki. Nikamwambia kwenye biashara hakuna undugu, picha imeshasema. Barua ya kukataa niliiandika kwa mkono wangu, nikasaini kwa mbwembwe.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Buseresere kuwaona. Kaka hakuwepo, alikuwa amesharudi duarani. Shemeji alikuwa anang'oa manjano peke yake, kwa sababu mwenye kibonde alitaka kulima mpunga. Alinipokea vizuri, hata neno la lawama hakunitupia, na hilo liliniuma zaidi. Alichukua kipande akakikata ili atie kwenye mboga ya mchana. Nilishika kichwa. Nyama ilikuwa chungwa kabisa, imekolea hadi katikati, na vidole vyake vilishabadilika rangi.

Nikamuuliza picha ile ilipigwaje. Akasema siku ile mvua ilinyesha, mpiga picha akaingia ndani, akaisogeza kamera karibu kabisa, akawasha flashi. Nilikuwa nayo picha hiyo katikati ya daftari langu. Nikaitazama tena. Mwanga ule ulikuwa umepausha kila kitu, mpaka mkono ulioshika. Mkono ulionekana wa mtu mweupe, na katika ukoo wetu hakuna mtu mweupe. Mjuzi mzima mimi, niliangalia manjano tu.

Kesho yake nilikwenda Nyarugusu, manjano mfukoni. Kaka alitoka duarani akiwa ametapakaa vumbi, akakohoa mpaka akachuchumaa. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamweleza yote: mvua, flashi, ujinga wangu. Nikamsihi turudi wote, nitaongea na tajiri. Akavunja kipande, akanusa, akakirudisha mkononi mwangu.

"Shamba limeshakwenda," alisema. "Na mkono ule ulikuwa wangu. Nilishika mwenyewe ili ujue ni mimi."

Wenzake walimwita, akashuka tena. Nilibaki pale juu kama mjinga, nikisikia kikohozi chake kikizidi kwenda chini mpaka sikukisikia tena. Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuzaliwa mtoto, achilia mbali mjukuu.

Kaka hakufikisha mwaka. Kifua kilimmaliza kitandani, Buseresere, mkewe akiwa pembeni. Nilikuwa miongoni mwa wanaume tuliomwosha, na upande wangu ulikuwa wa kulia. Nilimimina maji, nikakunjua kiganja chake, nikakiosha taratibu. Ngozi yake ilikuwa nyeusi tii, kama nilivyoijua tangu utoto.