Chai ya Saa Nne

Hospitali moja ya Kakamega iliniajiri niandike skripti ya video ya kuvutia wauguzi wapya. Nilimfuata muuguzi wa wodi ya kujifungulia kutwa nzima, kisha nikampelekea kurasa zangu.

Alizisoma akiwa amesimama. "Umeandika saa nne nakunywa chai na wenzangu. Wenzangu gani? Uliniona peke yangu na akina mama kumi na wanane."

"Sista, mkuu wa wauguzi ndiye aliyetaka hivyo."

"Basi avae sare aigize yeye."

Alinirudishia karatasi bila kunitazama. Nilifuta ile chai, nikaandika alivyokula mkate huku akijaza chati. Mkuu aliikataa skripti na kutafuta mwandishi mwingine. Muuguzi hakujua kwamba niliifuta ile chai, na tulipokutana hakunisalimu tena.