Talaka Aliyoombwa Baba

Insha ile niliiandika kwa hasira, na sioni haya kusema. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sheria, chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Morogoro, na mwalimu wetu wa sheria za ndoa alitupa swali hili: mume Mwislamu ametamka talaka kabla ya kufika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Talaka hiyo ina uzito gani mbele ya dini, na ina uzito gani mbele ya Sheria ya Ndoa? Wenzangu wakaguna kwamba swali ni gumu. Mimi nililijua. Swali lile lilikuwa likiishi nyumbani kwetu Kilakala, likivaa kandambili na kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili.

Baba yangu alikuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu, na kwake yeye jambo lisilo na muhuri lilikuwa porojo. Hata ukimwambia mvua inanyesha, atauliza umesikia wapi. Mama alikuwa kinyume chake. Kwa mama, neno likishatoka mdomoni limeshatoka, hana habari na karatasi. Waliishi hivyo miaka na miaka, mmoja akimcheka mwenzake, na sisi tukadhani ndiyo ndoa yenyewe.

Siku ya ugomvi mimi nilikuwa chuoni. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekuwepo na ndiye aliyenisimulia huku akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Bibi mzaa mama alikuwa mgonjwa kule Kinole, mlimani, na mama alitaka kwenda kumuuguza. Baba akauliza nani atampikia, maana ana presha na chakula chake hakitakiwi chumvi. Mama akacheka, akamwambia shangazi, "Wifi, mtazame kaka yako, mtu mzima na mvi zake hajui hata kuchemsha maji ya chai." Maskini mama, alikuwa anatania. Baba akasimama kibarazani, akasema, "Basi nimekupa talaka moja. Nenda."

Kwa chumvi, jamani! Mpaka leo nikikumbuka natamani kumtikisa mtu.

Talaka moja bado ina mlango wazi. Kila Mwislamu anajua hilo, hata asiyesoma madrasa vizuri. Mwanamke anakaa eda, na kwa umri wa mama, aliyekwisha kukoma hedhi, eda ni miezi mitatu ya mwandamo. Anatakiwa kuikaa humo humo ndani ya nyumba ya mumewe. Hekima yake naiona sasa: watapishana ukumbini, mmoja atakohoa, mwingine atauliza kama amemeza dawa. Na mume akisema tu "nimekurejea" kabla eda haijaisha, yamekwisha. Hakuna mahari mpya, hakuna kufunga ndoa upya.

Lakini sisi ni Waluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba wake mama alipopata habari hakungoja kuambiwa mara mbili. Alishuka kutoka Kinole na pikapu iliyoleta ndizi sokoni, akaingia uani, hakuketi wala hakugusa maji. Shangazi alimsihi, "Mzee wangu, mwache akae eda yake hapa, watapatana hawa." Mjomba akajibu, "Mtoto wetu akiambiwa nenda, anakwenda." Akampandisha mama na kifurushi chake. Baba alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Hakutoka.

Mjomba alidhani anailinda heshima ya mpwa wake. Na baba, kwa upande wake, akajiliwaza na sheria. Nilipokuja nyumbani wikiendi nilimkuta na kitabu cha Sheria ya Ndoa, sijui alikiazima wapi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwanangu, wewe unasoma mambo haya. Talaka bila mahakama si talaka, kweli si kweli?"

"Kwa sheria ya nchi, ndiyo baba. Mpaka mahakama ivunje ndoa. Lakini kidini eda inakwenda. Mpigie simu mama. Umrejee kwa maneno tu."

"Kwa simu? Mambo mazito hivyo kwa simu?" Akatikisa kichwa. "Tutaitwa Baraza. Nitamrejea pale mbele ya mashekhe, iandikwe, ipigwe muhuri. Mama yako atarudi na heshima yake."

Nilimwambia tena, nikamwambia na mara nyingine. Ni mkaidi, baba yangu, na chini ya ukaidi alikuwa anaona aibu kama mtoto aliyevunja sahani. Siku hizi naamini alikuwa anaogopa kwamba mama akipokea simu atamcheka.

Miezi mitatu ikapita. Bibi akapata nafuu. Mama hakurudi, na mjomba ndiye aliyepeleka shauri Baraza.

Baraza lenyewe lilikuwa chumba kimoja kando ya msikiti, feni ikizunguka kwa uvivu. Mwenyekiti alikuwa shekhe mpole, na pembeni yake wajumbe wawili. Mama aliingia amejitanda mpaka paji la uso. Mara yangu ya kwanza kumwona amejifunika hivyo mbele ya baba. Baba naye aliona. Kisha akasimama kama anasoma risala: "Mwenyekiti, mbele ya Baraza hili, nimemrejea mke wangu."

Shekhe akamuuliza mama eda ilikwishaje. Mama akaeleza. Shekhe akavua miwani, akamwambia baba kwa upole, "Mzee, umechelewa. Rejea ilikuwa ndani ya eda. Sasa ni mpaka ndoa mpya, mahari mpya, na yeye mwenyewe akubali."

"Lakini kwa sheria bado ni mke wangu!"

"Kwa sheria ya nchi, ndiyo, bado. Kwa dini, hapana. Ndiyo maana tunamuuliza yeye. Mama, unakubali kuolewa naye tena?"

Nilimwomba Mungu aseme ndiyo. Wallahi niliomba. Mama akamwambia baba, si shekhe, "Baba watoto, nilikungoja. Kila jioni nilikuwa napanda juu kwenye mikarafuu, maana chini nyumbani mtandao haushiki. Nimesimama pale na simu mkononi mpaka wale watoto wa jirani wakawa wananicheka. Nilikuwa nataka neno moja tu. Hukuniona nastahili neno bila muhuri." Akajiziba uso kwa mtandio. "Mimi nimeshachoka."

Wakajaribu kuwasuluhisha siku ile na siku nyingine waliyopangiwa. Haikuwezekana. Baraza likatoa cheti kwamba limeshindwa kuwapatanisha.

Ningependa kusema yaliishia pale. Lakini baba, kwa sababu sheria ilimwambia bado ni mume, akaanza kupanda Kinole. Anafika na begi lake, amebeba mkate na sukari, anakaa mlangoni kwa mkwewe. Mama anamwandalia chakula barazani, anamsogezea sinia kwa mkono uliofunikwa, kisha anaingia ndani. Baba analalamika kwa majirani kwamba mkewe wa ndoa anamfanya mgeni. Mama ananipigia simu analia, "Kwa Mungu huyu si mume wangu, kwa serikali ni mume wangu. Mimi niswali nikiwa nani? Nitoeni kwenye jambo hili mwanangu, nakufa." Kitu alichotaka ni hicho tu, aachwe kweli kweli, pande zote mbili.

Ndipo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo, na ile insha yangu ikaanza kutembea kwa miguu.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kikohozi. Akasoma cheti cha Baraza. Akauliza talaka ilitamkwa lini. Mama akataja. Hakimu akaweka kalamu chini. "Mama, hii ilitamkwa kabla ya cheti. Sheria inasema kwa waliooana Kiislamu, Baraza likishashindwa kuwapatanisha na kutoa cheti, baada ya hapo mmoja wao akifanya tendo ambalo kwa dini linavunja ndoa, kama kutamka talaka, mahakama itaona ndoa imevunjika na itatoa talaka. Baada ya hapo. Ya kabla siihesabu. Vinginevyo nipe ushahidi mwingine kuwa ndoa imevunjika. Alikuwa anakupiga?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Huyu?" Mama nusura atabasamu. "Hapana."

"Alikutelekeza?"

"Mimi nilichukuliwa na mjomba. Yeye pesa zake zote zinaishia kwenye nauli ya kunifuata mlimani. Mheshimiwa, sitamsingizia. Ni mtu mwema."

Kila nililoliandika kwenye insha lilikuwa pale. Nilikuwa nimeeleza kwamba talaka ya pili, ikitamkwa kwa mwanamke aliyekwisha kumaliza eda, kidini ni maneno matupu, kwa kuwa hakuna ndoa ya kuvunja. Na kwamba kwa sheria maneno hayo hayo ndiyo yenye nguvu, kwa kuwa ndoa ingali hai. Mwalimu alinipa alama za juu, akaandika pembeni kwamba hoja ni safi ila nipunguze ukali. Ukali gani nipunguze, wakati wazazi wangu wamekaa benchi moja pale mbele, wameacha nafasi ya mtu mzima katikati?

Mama aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Baraza alimtazama baba machoni.

"Baba watoto," akasema, "nakuomba. Nipe."

Baba alisimama. Hakuwa na karatasi mkononi. Hakimu akamwambia akitaka anaweza kukaa, wala halazimishwi. Alikataa kukaa. Alisema polepole, "Mke wangu." Akaanza tena. "Mke wangu, nimekupa talaka. Kwa sababu umeniomba wewe, na sijawahi kukunyima kitu ukiniomba." Kisha akaketi.

Mama, ambaye siku ya ile talaka ya kwanza alifunga kifurushi chake bila chozi, alilia pale mahakamani kwa sauti, akilia kama msibani, mpaka karani akatoka kumtafutia maji. Hakimu akasema hukumu itasomwa baada ya mapumziko mafupi, na ya mali yatasikilizwa siku yake.

Nilimtoa nje, tukakaa kwenye ngazi. Baba alibaki ndani peke yake, nikimwona kupitia dirisha, ameinama. Mama alinishika mkono. Mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani na hakuurudisha.

"Wewe ndiye msomi," akaniambia. "Na hii ya leo nayo inakaliwa eda?"

"Hapana mama. Eda yako ilikwisha. Hii ni ya serikali tu, kidini haina eda."

Akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka.

"Nitaikaa," akasema. "Ile ya kwanza niliikaa nikijua atanirudia."