Mbwa Aliyeogeshwa Kabla ya Picha

Mbwa niliyesema ni mzima alikuwa ameogeshwa kwa sabuni, akapanguswa macho na kupakwa mafuta ya nazi kabla ya kupigwa picha. Hilo nililijua siku nne baadaye, wakati jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafunikwa na utando wa buluu kama moshi.

Nafanya kazi katika duka la dawa za mifugo Kilosa mjini. Nina cheti cha afya ya wanyama, si daktari, ingawa wateja huniita hivyo na nimechoka kuwasahihisha. Siku hizi watu hawaji kwanza, hutuma picha. Kuku aliyeinamisha kichwa, mbuzi mwenye kuhara, mara chache paka au mbwa. Natazama, kisha nachagua moja kati ya mawili: mwenye mnyama asubiri na kuangalia, au nimpigie daktari wa mifugo aende. Daktari ni mmoja, ana pikipiki moja, na anazunguka kata nyingi. Kumtuma Mikumi bila sababu ni kumnyima mtu wa Mamboya.

Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Kwanza macho: yawe yamefunguka sawasawa, maangavu, bila ukungu wala matongo mazito. Halafu manyoya: mnyama mgonjwa huacha kujilamba, manyoya yakafifia na kusimama. Mwisho mkao: mgongo uliopinda, tumbo lililoingia ndani, kichwa kilichoshuka chini ya mabega. Dalili moja peke yake inaweza kuwa si kitu. Zikikutana mbili, naita daktari. Naandika yote kwenye daftari, na pembeni naandika alichosema mwenyewe.

Siku ile daftari lilisema hivi: Mikumi, mbwa dume, miaka mitano. Macho maangavu. Manyoya yanang'aa. Amesimama, kichwa juu. Na pembeni: mama anasema amepoa, hali chakula vizuri.

Mwenye mbwa ni mama wa makamo, mzaliwa wa kanda ya ziwa, anayeuza chakula kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama. Mbwa humlindia kibanda, na mama anaishi peke yake. Nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemwona?"

"Nimemwona. Anaonekana mzima kabisa, mama. Labda joto. Mpe maji, umwangalie."

Akajibu kwa sauti ya chini: "Haya. Kama wewe umeona hivyo."

Sauti ile niliisikia. Sikuiandika.

Siku ya nne alipiga yeye, na hata salamu yangu hakuisubiri. Jicho limeziba, alisema, na mbwa hainuki tena lori likisimama. Nilimwomba picha mpya, palepale alipolala. Ilipofika nilidhani amekosea mbwa. Huyu alikuwa na manyoya ya vumbi yaliyosimama, mbavu zinahesabika, uso umevimba kidogo juu ya pua, matongo ya kijani kwenye pembe za macho.

"Mama, huyu ndiye yule wa juzi?"

"Ndiye. Ila ile ya juzi nilimwandaa."

"Ulimwandaaje?"

"Nilimwogesha, nikamfuta macho, nikampaka mafuta. Nikamshikia mfupa juu ili asimame vizuri. Na nikampiga picha upande ule mwingine, upande wa jicho zuri." Akaongeza, kama anayeeleza jambo lililo wazi: "Sasa mwanangu, nitamtuma kwa watu na matongo? Picha ni picha."

Hata mimi, nilipopigwa picha ya cheti, nilisuka nywele siku mbili kabla.

Nilimtumia daktari picha zote mbili. Alikuwa kijiji cha Ulaya, hukuhuku wilayani, nusu njia ya kwenda Mikumi, akichanja mbwa dhidi ya kichaa. Alipiga simu akicheka, lakini si sana.

"Dada, juzi ulimpima nani? Ulipima mafuta ya nazi."

"Nilipima nilichokiona."

"Na mwenyewe alisema nini?"

"Alisema hali chakula."

"Basi hapo ndipo ungeanzia. Anatoa mate? Amebadilika sauti, ameng'ata mtu?"

Nilikuwa nimeshamuuliza mama hayo; yote hapana, nikamwambia. Akasema: "Mwambie asimshike mdomoni hata hivyo. Kesho asubuhi nipo kwake."

Asubuhi nilifunga duka nikaenda pia. Sikuagizwa, nilitaka kuona kwa macho yangu kile nilichokuwa nimekiona kwa simu.

Kibandani tulimkuta dereva mmoja wa lori akinywa chai na kutoa hukumu. "Huyo katemewa na nyoka, swila. Mie mbwa wangu alikuwa hivyohivyo."

"Wako alipona?" daktari aliuliza, akivaa glovu.

"Siku tatu tu."

"Ndiyo swila huyo. Sumu yake humshika mbwa saa ileile, anasugua jicho, analia. Huyu amekuwa akikonda tangu lini, mama?"

"Wiki tatu," mama alisema. Wiki tatu! Mimi hata sikuwa nimeuliza.

Daktari alimfunga mdomo kwa kamba laini ya kitambaa, akampima joto, akapapasa tezi za shingoni, akainua mdomo kunionyesha fizi: nyeupe kama unga wa muhogo. Upungufu huo wa damu usingeonekana kwenye picha yoyote tuliyotumiwa. Kisha akamchoma ncha ya sikio, akachukua tone, akaliweka kwenye kioo chini ya hadubini ndogo aliyoibeba kwenye sanduku. Aliisimamisha juu ya kiti nje, akageuza kioo chake kwenye jua.

"Mama, njoo uone."

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akainama. "Kuna vitu vinacheza."

"Hivyo ni vimelea. Mbung'o wa porini ndiye anayevileta. Ni nagana, ileile ya ng'ombe."

"Ng'ombe wetu kule nyumbani walikufa kwa ugonjwa huu," mama alisema. Akasimama wima. "Na mimi nikawa nampaka mafuta."

"Mama, kosa ni langu," nilimwambia. "Ulisema hali chakula. Nikaamini picha."

Hakunilaumu wala hakunifariji. Alinimiminia chai.

Daktari alimpima uzito kwa kumbeba kwenye mzani wa gunia, akahesabu kipimo cha dawa ya vimelea mara mbili, maana ikizidi humuumiza mbwa, akamchoma sindano ya paja. Alisema damu itasafishika. Kuhusu jicho alisema polepole zaidi: vimelea vingine hujificha ndani ya jicho na kwenye ubongo, ambako dawa hii haifiki vizuri. Ugonjwa unaweza kurudi hata baada ya mbwa kula na kukimbia. Damu ipimwe tena.

Sasa nikiomba picha naomba tatu: uso mzima na macho yote mawili, ubavu akiwa amesimama mwenyewe, na pale anapopenda kulala. Kivulini, bila mwanga wa simu, maana huo huwasha macho ya mbwa yeyote yakang'aa kijani. Na nasema waziwazi: usimfute, usimwogeshe, mpige picha alivyo. Kabla ya kufungua picha, nauliza amekula nini jana.

Mama hutuma kila Jumatatu. Wiki ya pili mbwa alikula. Ya tatu mama aliandika kwamba amebweka hadi dereva akamwaga mchuzi. Ukungu ulipungua kidogo, kisha ukasimama hapo ulipo.

Picha ya Jumatatu hii ni moja tu. Mbwa amelala ubavu nyuma ya kibanda, jicho la kushoto juu, bado la buluu, vumbi mgongoni. Huenda ni usingizi wa mchana. Nimempigia mama mara mbili kumuuliza kama asubuhi aliinuka kula, na simu inaita tu.